UZI: Jedwali la wananadharia wa sosholojia ya elimu, nisaidieni safu ya ukosoaji

Mwanachuo_Elimu

Wakuu, heshima kwenu. Nina kazi ya somo la sosholojia ya elimu: jedwali la kulinganisha wananadharia watano, lisizidi ukurasa mmoja. Kila mmoja aandikiwe dai lake kuu, istilahi moja inayomtambulisha na ukosoaji mmoja. Rasimu imerudi na maandishi mekundu: "Safu ya nne haina kitu." Sielewi haina kitu kivipi wakati nimeijaza yote. Jedwali ni hili:

| Mwananadharia | Dai kuu | Istilahi | Ukosoaji |
|---|---|---|---|
| Durkheim | Shule inajenga umoja wa jamii | Mshikamano wa kijamii | Alipuuza migogoro |
| Bowles na Gintis | Shule inaandaa wafanyakazi watiifu | Mtaala fiche | Walipuuza mambo mengine |
| Bourdieu | Watoto wa matajiri wanafaulu kwa sababu wana uwezo | Mtaji wa kitamaduni | Umarksi umezidi |
| Bernstein | Watoto wa tabaka la chini wana lugha duni | Msimbo finyu na msimbo mpana | Aliwadharau maskini |
| Freire | Elimu inapaswa kumkomboa mtu | Elimu ya kibenki | Haitekelezeki |

Kifimbo

Jedwali liko poa mkuu. Ila Bourdieu na Bowles waunganishe mstari mmoja, wote ni Wamarksi na wote wanasema shule inarithisha utabaka. Utaokoa nafasi.

Mama Darasa

Piaget na Vygotsky mbona siwaoni? Hao ndio wenye manufaa kwa mwalimu.

Chaki Nyeupe

Mama Darasa, hao ni wa saikolojia ya elimu. Wanaeleza mtoto anavyojifunza. Kazi ya ndugu yetu ni ya sosholojia, yaani kwa nini watoto wa kundi fulani wanafika mbali kuliko wa kundi jingine. Akiwachanganya, jedwali litakuwa linajibu maswali mawili.

Mwanachuo, nadhani naelewa msahihishaji wako alikuwa na maana gani. Fanya jaribio hili: uhamishe ukosoaji kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. "Alipuuza migogoro" ukiutoa kwa Durkheim ukaupeleka kwa Parsons, mwanasosholojia mwingine aliyesisitiza umoja wa jamii, unakaa vizuri kabisa. "Walipuuza mambo mengine" unamfaa kila mwanadamu aliyewahi kuandika. Ukosoaji unaohamishika haujagusa dai la mtu yeyote. Unaotakiwa ni ule unaosema: ulidai jambo A linasababisha B kupitia C, na huu hapa ushahidi kwamba C haifanyi kazi hivyo.

Kwa hiyo tatizo linaanzia safu ya pili. Madai yako hayana hiyo C. "Shule inaandaa wafanyakazi watiifu": inawaandaa kwa njia gani? Usipoitaja njia, mkosoaji hana pa kupiga.

Durkheim nampitia haraka. Yeye anasema jamii haiwezi kusimama bila watu wake kufanana kwa kiasi fulani katika fikra na maadili, na shule, yenye kanuni zisizomjali mtoto ni wa nani, inamfundisha kutii jamii badala ya kumtii mzazi tu. Ukosoaji unaompata yeye hasa ni huu: anayaita maadili hayo ya jamii nzima, wakati shule aliyokuwa akiiwaza, ile ya serikali ya Ufaransa iliyotenganishwa na dini kwa sheria ya 1882, ilikuwa imetokana na ugomvi mkali kati ya serikali na Kanisa. Maadili "ya wote" yalikuwa ya upande ulioshinda. Jaribu kuuhamishia huo kwa Freire uone kama utakaa.

Mwanachuo_Elimu

Hapo nimekupata mkuu. Na Bowles na Gintis? Hiyo istilahi niliitoa kwenye madaftari ya darasani.

Chaki Nyeupe

Mtaala fiche, yaani yale ambayo mtoto anajifunza shuleni bila kuandikwa kwenye somo, wanautumia, lakini si alama yao. Jina hilo linahusishwa na Philip Jackson, aliyeandika kuhusu maisha ya darasani mwaka 1968. Istilahi yao ni kanuni ya ulinganifu, na kitabu chao ni cha 1976, kuhusu Marekani. Wanasema mahusiano ya shuleni yanalingana na ya kazini: mwanafunzi kwa mwalimu ni kama kibarua kwa msimamizi, alama ni kama mshahara, na vipindi vilivyokatwakatwa ni kama kazi zilizogawanywa vipande. Mtoto anazoea umbo hilo hata kama hakumbuki lolote la kwenye somo. Hiyo ndiyo C yao.

Na ushahidi wanao. Walitumia takwimu za wanafunzi 237 wa mwaka wa mwisho wa sekondari huko New York, wakalinganisha tabia zao na alama. Uvumilivu, kutegemeka na kushika muda viliendana na alama nzuri. Ubunifu na kujitegemea viliendana na alama za chini.

Sasa ukosoaji. Paul Willis, 1977, alifuatilia wavulana 12 wa tabaka la wafanyakazi katika mji wa viwanda Uingereza. Vijana hao hawakuwa na utiifu hata chembe: walimdhihaki mwalimu, walikwepa vipindi, waliwacheka wanaosoma kwa bidii. Mwishowe wakaenda viwandani. Angalia kwa makini Willis amepiga wapi. Matokeo hajayakana, kwa sababu mtoto wa mfanyakazi bado kawa mfanyakazi. Alichokivunja ni njia: wamefika kiwandani kwa kuikataa shule, si kwa kuzoezwa utii.

Kifimbo

Lakini 12 ni wachache mno mkuu. Na wote wavulana. Huwezi kuangusha nadharia nzima kwa watu 12.

Chaki Nyeupe

Hapo uko sahihi, na Willis alilaumiwa hasa kwa kuwaacha wasichana nje. Ila Bowles na Gintis hawakusema "baadhi" ya wanafunzi. Njia yao inadai kumgusa kila anayepita shuleni, kwa hiyo kundi dogo lililopita pembeni yake linatosha kuonyesha kwamba kuna njia nyingine. Halitoshi kusema ni wangapi wanaopita huko. Kwenye kisanduku andika "inaonyesha njia nyingine", usiandike "inakanusha".

Na hapa hapa nikujibu kuhusu kuunganisha mistari. Bourdieu anatumia neno mtaji, ndiyo, lakini mengi kayachukua kwa Weber na kwa Durkheim mwenyewe. La msingi zaidi, C yake ni tofauti kabisa. Bowles na Gintis: shule inafanana na kazini. Bourdieu: shule inadai kitu ambacho yenyewe haikifundishi, kisha inamzawadia aliyekuja nacho kutoka nyumbani, na wote wanaamini ni kipaji. Mwanafunzi anapewa alama kwa kuwahi na kumaliza zoezi? Huo ni mstari wa Bowles na Gintis. Anapewa alama kwa insha "inayotiririka", ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha inaandikwaje? Huo ni wa Bourdieu.

Mfano wa karibu: mwaka 1975 Bourdieu na Monique de Saint Martin walichambua kadi za mwalimu mmoja wa falsafa wa Paris, ambamo aliandika maoni juu ya kila mwanafunzi. Wakazipanga kwa asili ya familia. Maneno ya kudunisha yalizidi kadiri asili ilivyoshuka, na maneno ya kusifu wepesi na ustadi yalizidi kadiri ilivyopanda, hata pale ambapo alama za wanafunzi zilikaribiana. Mwalimu hakutaja tabaka popote. Alidhani anaandika kuhusu akili.

Kwa hiyo "wana uwezo" lifute. Anachokisema si pesa. Mwenye pesa bila mazoea hayo bado anakwama kwenye insha ile ile.

Mwanachuo_Elimu

Basi nimkosoe kwa lipi, kama Umarksi siyo?

Chaki Nyeupe

Alice Sullivan, 2001. Alichukua wanafunzi 465 wa shule nne za Uingereza waliokuwa wakimaliza elimu ya lazima, akauliza wanasoma nini, wanatazama nini kwenye televisheni, wanakwenda kwenye makumbusho na matamasha au la, akapima pia msamiati na ujuzi wao wa mambo ya utamaduni. Akapata mambo mawili. Kwanza, si kila utamaduni unalipa: kusoma vitabu na kutazama vipindi vizito kulisaidia kwenye mtihani, ila kwenda makumbusho na kusikiliza muziki hakukusaidia. Pili, hata baada ya kuuhesabu mtaji wa kitamaduni, sehemu kubwa ya pengo kati ya matabaka ilibaki pale pale. Maana yake C ya Bourdieu ipo, lakini haibebi mzigo wote aliobebeshwa.

Kisanduku chako kisizidi maneno 25: "Sullivan (2001): mtaji wa kitamaduni unaeleza sehemu tu ya pengo la ufaulu, tofauti ya tabaka inabaki kubwa hata ukiuhesabu, na makumbusho hayana athari." Yametosha.

Mama Darasa

Samahani kwa lile la Piaget, sasa nimeelewa swali. Nina jambo kwenye mstari wa Bernstein. Kidato cha kwanza shule za kata hali ni hii: mtoto kasoma msingi kwa Kiswahili miaka yote, anaingia sekondari anakuta masomo kwa Kiingereza. Ukimuuliza anajibu neno moja, au ananyamaza. Si ndiyo msimbo finyu huo, na Kiingereza ndicho msimbo mpana?

Kifimbo

Ndiyo yenyewe hiyo mwalimu. Msimbo mpana ni lugha ya shule, msimbo finyu ni lugha ya nyumbani.

Chaki Nyeupe

Hapana, na kosa hili ndilo linalouharibu mstari wa nne kuliko yote. Msimbo wa Bernstein si lugha. Ni kiasi gani cha maana msemaji anakiweka kwenye maneno na kiasi gani anakiachia mazingira.

Mfano unaotajwa sana ni wa watoto wa miaka 5 walioonyeshwa picha nne. Simulizi mbili zinazonukuliwa Bernstein mwenyewe alizitunga kutokana na uchambuzi wa Peter Hawkins, ili tofauti ionekane wazi. Si maneno ya mtoto fulani. Ya kwanza inakwenda hivi: wavulana watatu wanacheza mpira, mmoja anaupiga, unapita dirishani na kuvunja kioo, mwanamume anatoka na kuwafokea. Ya pili: wanacheza, anaupiga, unapita pale, unavunja, anatoka, anawafokea. Hadithi ni moja. Ya kwanza unaielewa hata kama picha huna. Ya pili unahitaji uwe umesimama karibu na msimulizi mnatazama picha pamoja.

Wote tunatumia misimbo yote miwili. Mke na mume mezani wanaongea kwa msimbo finyu na hakuna kilichoharibika. Hoja ya Bernstein ni kwamba shule inadai ule mpana, na malezi ya familia za tabaka la wafanyakazi Uingereza yanaukaribisha kwa nadra zaidi. Hakusema lugha yao ni duni. Andika hivyo utakuwa umemkosoa mtu asiyekuwepo.

Sasa mtoto wa Mama Darasa. Muulize jambo lile lile kwa Kiswahili: eleza namna ya kuotesha mbegu kwa mtu ambaye hajawahi kuona shamba. Akieleza hatua kwa hatua, msimbo mpana anao, alichokosa ni Kiingereza. Akisema "unaiweka pale, unamwagia, inatoka", hapo ndipo Bernstein anaweza kuingia. Ukimya wa Kiingereza peke yake haukuambii lolote kuhusu msimbo. Kwa hali hiyo Bourdieu anafaa zaidi: shule inadai lugha ambayo wengine wameikuta nyumbani na wengine hawajaikuta popote.

Ngeli

Naomba kuongeza la lugha, maana mfano huo wa picha unapoletwa kwenye Kiswahili hauji mzima. Kwa Kiingereza kiwakilishi kimoja kinasimama badala ya mpira, dirisha na kioo, msikilizaji hajui kipi ni kipi. Sisi tuna ngeli. Ukisema "akaupiga, ukapita pale, kikavunjika", tayari najua kilichopigwa si kilichovunjika: *u* haiwezi kuwa kioo wala *ki* haiwezi kuwa mpira. Mtoto anayeongea "kwa kifupi" kwa Kiswahili ameacha taarifa nyingi kwenye vitenzi. Lakini kwa watu hali inageuka: *a-* ni mvulana, ni mama, ni mzee, wote sawa, na haitofautishi hata mume na mke. Kwa hiyo anayetaka kupima msimbo kwa kuhesabu nomino na viwakilishi, kama ilivyofanyika kule, atapata hesabu isiyolingana. Lazima apime kitu kingine, kwa mfano kama mtoto ametambulisha wahusika kabla ya kuanza kuwarejelea.

Chaki Nyeupe

Ngeli, hilo ni zuri mno. Yeyote anayefikiria tasnifu ya uzamili alichukue.

Kifimbo

Sawa nimekubali msimbo si lugha. Basi ukosoaji uwe wa Labov, yule mwanaisimu, naye yuko kila kitabu: watoto weusi wa mtaa wa Harlem, New York, wanaongea vizuri tu, tatizo ni mtihani.

Chaki Nyeupe

Labov, 1969. Kisa chenyewe kina faida kukijua kwa undani. Leon, mtoto wa miaka 8, anahojiwa na kijana mweusi aliyekulia Harlem hapo hapo, anajibu neno moja moja au hajibu. Safari ya pili mhojaji ni yule yule. Kilichobadilika: kaja na pakiti ya krispi, kamleta rafiki wa Leon, kakaa chini sakafuni, na kaanzisha mazungumzo yenye maneno ambayo mtoto huwa hayasemi mbele ya wakubwa. Leon akaongea mpaka wakawa wanakatizana. Mhojaji hakubadilika, mtoto hakubadilika, mazingira yalibadilika.

Ila shabaha kubwa ya Labov walikuwa wanasaikolojia wa Marekani waliosema watoto hao hawana lugha kabisa. Bernstein hakusema hivyo. Nikiwa msahihishaji ningekubali Labov kwenye mstari huo kwa sharti moja: useme anakosoa kupima msimbo kwa mazungumzo ya mtoto na mtu mzima asiyemzoea.

Ngeli

Mimi hapo natofautiana nawe kidogo. Labov alimtaja Bernstein kwa jina, na alihoji kama wingi wa maneno wa tabaka la kati una faida yoyote ya kimantiki au ni mtindo tu wa kuongea. Hilo linapiga dai lenyewe, si kipimo peke yake.

Chaki Nyeupe

Analihoji, kweli. Lakini sehemu hiyo analinganisha wasemaji wawili tu, kijana wa mtaani na mtu mzima msomi. Kwangu ni mfano wenye nguvu, haujafika kuwa ushahidi. Tuuache hapo, Mwanachuo achague mwenyewe na aandike sababu.

Mzalendo67

Mimi nashangaa uzi mzima wa elimu na jina la Mwalimu halijatajwa. Mtoe Freire, muweke Nyerere. Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Dai: shule ya kikoloni inamtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aone msingi ni ngazi tu ya kwenda sekondari, kwa hiyo shule iwe pia shamba na karakana, na elimu ya msingi ikamilike yenyewe. Istilahi ipo kwenye jina. Ukosoaji?

Chaki Nyeupe

Ukosoaji upo, na cha ajabu uliandikwa kabla. Philip Foster, 1965, akitumia mfano wa Ghana: wanafunzi na wazazi hawachagui kwa kuangalia mtaala unafundisha nini, wanachagua kwa kuangalia ajira inalipa nini. Ukiweka jembe kwenye mtaala wakati mshahara uko ofisini, mtoto atalima zamu yake huku macho yakiwa kwenye mtihani. C ya Nyerere ni kwamba mtaala unabadilisha matarajio. Foster anasema matarajio yanatoka sokoni. Unaona ulivyogonga penyewe?

Mzalendo67

Lakini Mwalimu hakubadilisha mtaala peke yake. Azimio la Arusha lilikuwa mwezi mmoja tu kabla, Februari 1967. Alitaka kubadilisha na huo uchumi. Foster anamkosoa mtu aliyegusa shule tu.

Chaki Nyeupe

Hoja nzito hiyo, sina jibu la haraka. Labda isomeke: Foster anamgonga Nyerere kwa kadiri ile tu ambayo mishahara haikubadilika.

Kama Freire anabaki, "haitekelezeki" ondoa. Mwaka 1963 huko Angicos, Brazili, watu wazima wapatao 300 walifundishwa kusoma kwa takriban saa 40. Na elimu ya kibenki, yaani mwalimu kumjaza mwanafunzi maarifa kama anayeweka akiba benki, ni kile anachokipinga. Istilahi ya anachokijenga ni uamshaji fahamu. Ukosoaji unaohusu dai lake: anagawa watu kuwa wakandamizaji na wakandamizwaji, ilhali mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, mfano kibarua shambani ambaye nyumbani ndiye bwana juu ya mkewe. Bell hooks, ambaye alimpenda sana Freire, alimlaumu kwa lugha inayomwona mwanamume tu.

Mama Darasa

Swali la mwisho. Nimejaribu la mbegu leo kwa wanafunzi sita, kwa Kiswahili. Wanne wameeleza vizuri, wawili wamesema "unaweka pale". Hao wawili ni msimbo finyu?

Ngeli

Mwalimu, hao walikuwa wanakueleza wewe, na wanajua unajua kuotesha. Kwa nini wajisumbue? Warudie na mtu ambaye kweli hajui, au wamrekodie mwanafunzi wa darasa jingine. Hapo ndipo utaanza kuona.

Mwanachuo_Elimu

Shukrani wakuu. Nimeandika upya mstari wa nne: "Bernstein | Shule inadai usemi unaoeleweka bila mazingira, malezi ya tabaka la wafanyakazi huuzoesha kwa nadra, hivyo watoto wao huonekana wazito | Msimbo finyu na msimbo mpana | Labov (1969): mtoto yule yule hunyamaza au huongea sana kutegemea mazingira ya mahojiano, hivyo usemi wake wa shuleni si kipimo cha alichonacho." Kuhusu Nyerere na Freire bado sijaamua.

Chaki Nyeupe

Mstari umesimama. Ongeza tu "Uingereza" baada ya "wafanyakazi". Bila hilo neno, umempa dai pana kuliko alilolitolea ushahidi.